Tangazo kwa wateja wetu: njia kumi za mkato za kibodi unapoandika barua ya kazi na CV

Ndugu mteja, karibu. Kila siku, kuanzia tunapofungua asubuhi, naitwa kwenye meza hizi kwa maswali yaleyale. "Kaka, barua yangu imepotea." "Mbona maandishi yamekuwa makubwa ghafla?" "Nimebadilisha jina la kampuni lakini la zamani bado lipo." Najibu kwa moyo mmoja, ila wewe unalipia dakika, na dakika kumi za kunisubiri nimalize na mteja mwingine ni hela yako inayokwenda. Ndiyo maana nimeandika karatasi hii na kuibandika ukutani. Ina njia kumi tu. Kwenye kibodi zipo nyingi kuliko hizo, lakini hizi ndizo naziona zinaokoa watu hapa dukani, na nimezipanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, tangu unapofungua barua pepe mpaka unapoondoka na flashi yako.

Uwe na nini kabla hujakaa

Njoo na flashi yenye nafasi. Njoo na simu yako ikiwa na chaji, kwa sababu ukifungua Gmail kwenye kompyuta usiyoizoea, mara nyingi inataka uthibitishe kwa simu kwamba ni wewe. Simu ikiwa imezima, hata uwe unaikumbuka nywila yako vizuri, unaweza kukwama hapo.

Njoo na tangazo la kazi lenyewe, zima. Picha iliyokatwa ya kwenye kundi la WhatsApp haitoshi. Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, tangazo hueleza barua ielekezwe kwa nani na kwa anwani gani, hutaka barua iliyosainiwa, na hutaka maelezo binafsi yenye namba za simu zinazofanya kazi na wadhamini watatu. Mteja akija bila majina na namba za wadhamini wake, anaanza kupiga simu akiwa amekaa kwenye kiti na saa inahesabu. Andika majina hayo kwenye karatasi ukiwa nyumbani, pamoja na namba yako ya NIDA.

Namna ya kubonyeza

Ukiona alama ya kujumlisha katikati ya vitufe, maana yake kitufe cha kwanza unakishikilia chini bila kukiachia, kisha unagusa cha pili mara moja. Watu wengi wanavigonga vyote kwa mpigo mmoja, na cha pili kikiwahi, Word inaandika herufi badala ya kutii amri. Shikilia, gusa, achia.

Kompyuta zetu za mezani zina vitufe vya F1 hadi F12 ambavyo vinafanya kazi moja kwa moja. Ukija na laptopu yako, huenda ukalazimika kushikilia pia kitufe cha Fn.

Hatua zenyewe

1. Ctrl + Shift + N, ukiwa ndani ya Chrome

Hii fanya kabla ya kufungua barua pepe yako kuchukua CV ya zamani. Linafunguka dirisha jeusi lisilotunza nywila wala kumbukumbu za kurasa ulizotembelea. Ingia kwenye Gmail yako na kwenye akaunti yako ya ajira kupitia dirisha hilo. Ukiyafunga madirisha hayo meusi, akaunti zako nazo zinafungwa.

Nimeanza na hii kwa sababu ya jambo lililotokea hapa. Dada mmoja alituma maombi yake, akalipa, akawahi gari stendi. Aliyekaa baada yake alikuta barua pepe ya yule dada iko wazi, na ndani yake vyeti vyote, namba ya NIDA na picha ya pasipoti. Bahati nzuri aliniita. Angeweza asiniite.

Tahadhari mbili. Kwanza, ukifungua madirisha meusi mawili au matatu, kufunga moja hakutoshi, lazima yafungwe yote. Pili, dirisha hili halifuti faili ulilolipakua. CV yako inabaki kwenye folda ya Downloads, na kuifuta ni kazi yako mwishoni, nitaieleza.

Kwa wanaotumia Firefox, ni Ctrl + Shift + P. Na usiibonyeze Ctrl + Shift + N ukiwa ndani ya Word, maana huko kazi yake ni nyingine: inairudisha aya uliyopo kwenye mtindo wa kawaida, na kichwa chako cha habari kinaweza kupoteza sura yake.

2. F12

Umeshafungua barua ya zamani na unataka kuigeuza iwe barua mpya. Kabla hujagusa hata neno moja, bonyeza F12. Linatokea dirisha la kusevu faili kwa jina jipya. Chagua flashi yako upande wa kushoto, andika jina jipya, kisha Enter.

Usipofanya hivyo, unachokiandika kitaifuta barua ya zamani, na wiki ijayo ukiihitaji utaikuta imegeuka. Jina la faili liwe na jina lako na kazi unayoomba, kwa mfano `Barua_Mwalimu_Biolojia_Neema.docx`. Faili linaloitwa `barua mpya final 2` litakuchanganya wewe mwenyewe, na atakayelipokea ofisini anapokea mengine mengi yenye jina kama hilo.

3. Ctrl + S

Kusevu. Ibonyeze kila umalizapo aya. Word ina utaratibu wake wa kutunza nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, lakini umeme ukikatika dakika ya tisa, hizo tisa zimekwenda. Betri zetu za akiba zinakupa muda mfupi tu wa kumalizia, na mara nyingine kompyuta inazimika kabla hujanyanyua mkono.

4. Ctrl + H

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa makubwa yanapozaliwa.

Ctrl + H inatafuta neno na kuweka lingine mahali pake. Dirisha lake lina visanduku viwili. Kwenye `Find what` andika neno la zamani, kwenye `Replace with` andika jipya. Chini kuna vitufe, na kimoja kimeandikwa `Replace All`, yaani badilisha kote kwa mkupuo. Hicho ndicho nakuomba usikiguse.

Mwalimu mmoja kijana alikuwa na barua aliyowahi kutuma kwenye shule moja ya Dodoma. Sasa anaomba shule nyingine, ya Singida, somo lilelile la Biolojia. Akafungua Ctrl + H, akaandika Dodoma juu, Singida chini, akabofya `Replace All`. Word ikamwambia imebadilisha sehemu tano. Akafurahi, akaja kwangu kuprinti.

Kati ya hizo tano, mbili zilikuwa halali: anwani ya shule na sentensi isemayo yuko tayari kuhamia mjini humo. Tatu zilizobaki zilikuwa balaa. "Nimehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma" imekuwa "Chuo Kikuu cha Singida", chuo ambacho hajawahi kukikanyaga, na cheti chake kinasema vingine. Mahali alipofanya mafunzo kwa vitendo pamehama mkoa. Na mdhamini wake wa kwanza, mhadhiri wa chuo hichohicho, naye amehamishiwa Singida. Barua kama hiyo ikifika mezani kwa mtu anayelinganisha maelezo na vyeti, inaonekana ni ya mtu anayedanganya, wakati kosa lake ni kubofya kitufe kimoja.

Fanya hivi badala yake:

Bofya mwanzo kabisa wa barua, kisha Ctrl + H. Jaza visanduku viwili. Bofya `Find Next`. Word itakuonyesha neno la kwanza, limetiwa rangi. Soma sentensi nzima. Ikiwa neno linapaswa kubadilika, bofya `Replace`, na itakurukisha hadi linalofuata. Ikiwa linapaswa kubaki, bofya `Find Next` tena, na Word italiacha kama lilivyo. Kwa barua ya ukurasa mmoja kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

Irudie kwa vitu vinne, kimoja kimoja: jina la mwajiri, mji, jina la nafasi unayoomba, na cheo cha unayemwandikia. Hicho cha nne ndicho kinachosahaulika zaidi. Barua inaelekezwa kwa Katibu kwenye anwani, halafu ndani inasema "Ndugu Mkuu wa Shule".

Tarehe ibadilishe kwa mkono. Kuna njia ya mkato ya kuweka tarehe ya leo, Alt + Shift + D, lakini kwenye barua ya kazi siishauri. Tarehe hiyo inajigeuza: ukifungua faili au kuliprinti siku nyingine, inaweza kusoma tarehe ya siku hiyo, na barua uliyoiandika kabla ya mwisho wa maombi ikaonekana imeandikwa baada yake.

5. Ctrl + Z

Inarudisha nyuma jambo la mwisho ulilofanya. Umefuta aya nzima kwa bahati mbaya? Ctrl + Z. Yule mwalimu wa Singida nilimwokoa kwa hiyo hiyo: bonyezo moja, na yale mabadiliko matano yakarudi kwa pamoja. Unaweza kuibonyeza mara nyingi mfululizo, kila mara unarudi hatua moja. Kusevu hakuizuii. Kinachoizuia ni kulifunga faili. Ukishalifunga, njia ya kurudi imekufa.

Ina faida nyingine ambayo wateja wengi hawaijui. Word hupenda kukusahihisha bila kuombwa. Ukiorodhesha viambatisho kwenye mstari mmoja, (a) cheti cha kuzaliwa, (b) cheti cha kidato cha nne, (c) cheti cha chuo, ile (c) inageuka kuwa alama ya hakimiliki, ©. Nimeshaziona barua zilizoprintiwa hivyo. Bonyeza Ctrl + Z papo hapo, kabla hujaandika kitu kingine, na (c) yako inarudi. Vivyo hivyo anwani ya barua pepe ikigeuka bluu na kupigiwa mstari: Ctrl + Z mara moja, rangi inaondoka na anwani inabaki.

6. Ctrl + V, kisha Ctrl peke yake, kisha T

Hii ni kwa wanaokopi maneno kutoka kwenye tangazo la kazi, WhatsApp au CV ya rafiki. Ukipesti kwa Ctrl + V ya kawaida, maneno yanakuja na nguo zao: aina ya herufi, ukubwa, rangi, hata kivuli cha kijivu nyuma yake. Ndiyo sababu unasikia mtu analalamika kwamba katikati ya CV yake maandishi yamekuwa tofauti.

Pesti kwa Ctrl + V. Utaona kialama kidogo kimejitokeza mwisho wa maneno, kimeandikwa `(Ctrl)`. Sasa gusa Ctrl peke yake na uiachie, kisha gusa T. Maneno yanavua nguo zao na kuvaa za aya yako. Usibofye mahali pengine katikati ya hatua hizi, maana kialama kitaondoka na T itaandikwa kama herufi.

Niseme na hili. Jina la nafasi likopi kutoka kwenye tangazo jinsi lilivyo, pamoja na daraja lake. Majukumu ya kazi usiyakopi. Naona CV ambazo sehemu ya uzoefu ni tangazo lilelile la mwajiri limebandikwa upya, na hata mimi nisiye afisa utumishi naligundua kwa kusoma mistari miwili.

7. Shift + F3

Kichwa cha barua yako kinaandikwa kwa herufi kubwa: YAH: MAOMBI YA KAZI YA UALIMU WA BIOLOJIA. Ikiwa umekiandika kwa herufi ndogo, usikifute. Buruta mausi juu yake mpaka kitiwe rangi, kisha bonyeza Shift + F3. Kila ukibonyeza herufi zinabadilika, ndogo, kubwa, au kubwa mwanzoni tu. Simama zinapokuwa unavyotaka. Inamsaidia pia aliyeandika aya nzima bila kujua kuwa Caps Lock imewaka.

8. Alt + Shift + kishale cha juu

Kwenye CV, elimu na kazi ya karibuni hukaa juu, za zamani zinafuata chini. Wateja wengi wanaanza na shule ya msingi, halafu chuo kinaangukia ukurasa wa pili. Huna haja ya kukopi, kufuta na kupesti. Bofya ndani ya mstari unaotaka kuupandisha, shikilia Alt na Shift, kisha gusa kishale cha juu. Mstari unapanda hatua moja kila ukigusa. Kishale cha chini kinaushusha. Ukitaka kuhamisha mistari mitatu kwa pamoja, itie rangi yote kwanza.

Inafanya kazi hata kwenye jedwali. Kama elimu yako umeiweka kwenye jedwali la mwaka, shule na cheti, bofya ndani ya safu na uipandishe nzima. Baada ya kuhamisha, pitia miaka kwa macho kutoka juu kwenda chini. Inatakiwa kupungua bila kuruka.

9. Ctrl + Shift + 8

Tumia 8 ya safu ya juu ya kibodi, sio ile ya kulia kwenye namba. Ukurasa wako utajaa alama. Usishtuke, haziprintiwi. Kila kinukta kati ya maneno ni bonyezo moja la kitufe kirefu cha nafasi. Kila mshale mdogo ni Tab. Kila alama inayofanana na P iliyogeuzwa, ¶, ni Enter.

Sababu ya kuziangalia ni hii. Mteja anatengeneza anwani yake ya juu kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara hamsini. Hapa kwetu inaonekana imenyooka. Akiifungua kwenye kompyuta nyingine isiyo na aina ileile ya herufi, nafasi zinabadilika upana, na sanduku la posta linakaa pembeni ya jina lake kama ngazi iliyovunjika. Ukiwasha alama utaliona kosa hilo mara moja: misururu ya vinukta.

Futa vinukta vyote mwanzoni mwa kila mstari wa anwani, kisha bonyeza Tab idadi sawa kwa kila mstari. Kwa karatasi ya A4 yenye pambizo za kawaida, Tab saba au nane zinatosha. Tarehe za upande wa kulia kwenye CV ni vivyo hivyo, zipange kwa Tab. Kwa CV yenye tarehe nyingi, jedwali lenye safu wima mbili, lililoondolewa mistari, linatulia zaidi. Ukimaliza, bonyeza Ctrl + Shift + 8 tena, alama zinaondoka.

10. Ctrl + Enter

Inaanzisha ukurasa mpya. Wengi wanaisukuma sehemu ya WADHAMINI iende ukurasa wa pili kwa kubonyeza Enter kumi na tano. Halafu wanaongeza mstari mmoja juu, kila kitu kinashuka, na wadhamini wanaanza katikati ya ukurasa bila sababu. Futa Enter hizo zote (kwa hatua ya 9 utaziona zimejipanga), weka kishale kabla ya neno WADHAMINI, kisha Ctrl + Enter mara moja. Sasa ongeza au punguza utakavyo, wadhamini hawatatikisika.

Usiibonyeze ukiwa ndani ya jedwali, italikata vipande viwili. Ukiiweka kimakosa, washa alama za hatua ya 9, utaona mstari ulioandikwa `Page Break`. Bofya mwanzoni mwake na ubonyeze Delete.

Kumalizia

Sevu kwanza. Kisha rudi kwenye F12, na safari hii kwenye `Save as type` chagua `PDF`. Faili la Word linaweza kubadilika sura kwenye kompyuta nyingine, PDF hubaki ilivyo. Ifungue hiyo PDF na uisome yote kabla ya kuituma. Usiisome kwenye Word, isome hiyo hiyo utakayoituma.

Barua inayotakiwa kusainiwa ina safari ndefu kidogo: iprinti, isaini kwa peni, uilete tuiskani, na hiyo iliyoskaniwa ndiyo utakayoipakia. CV inaweza kwenda moja kwa moja kama PDF kutoka Word, isipokuwa tangazo liwe limesema vingine. Usiipige barua picha kwa simu juu ya meza. Kivuli cha mkono wako kinaonekana, na maandishi ya pembeni yanafifia.

Kama bado kuna siku tatu au nne kabla ya mwisho wa maombi, tuma leo. Siku ya mwisho hapa watu wanapanga foleni mpaka nje, na ukurasa wa maombi unaweza kuwa mzito kiasi kwamba kupakia cheti kimoja kunakula muda wako wote.

Ukishatuma, hakikisha faili zako ziko kwenye flashi kwa kuzifungua kutoka hukohuko kwenye flashi. Kisha nenda Downloads, futa CV, vyeti na chochote chako, na umwage Recycle Bin. Funga madirisha yote meusi ya Chrome. Toa flashi baada ya kufunga Word, sio kabla.

Ukikwama

*Vitufe havifanyi chochote na juu kuna mstari wa njano.* Faili lililotoka kwenye barua pepe hufunguka kwa kusoma tu. Bofya `Enable Editing` kwenye mstari huo, kila kitu kitafanya kazi. Kwa wanaoanza, hili ndilo tatizo ninaloitiwa mara nyingi kuliko yote.

*Nabonyeza @ inatoka alama ya kunukuu.* Kibodi imehama kutoka mpangilio wa Kimarekani kwenda wa Kiingereza cha Uingereza, mara nyingi kwa sababu uligusa Alt na Shift pekee wakati wa hatua ya 8. Bonyeza Alt + Shift tena, au shikilia kitufe chenye nembo ya Windows na uguse kitufe cha nafasi mpaka @ irudi.

*Chini ya maneno yangu yote kuna mstari mwekundu.* Word inadhani unaandika Kiingereza. Mistari hiyo haiprintiwi, iache. Ila usibofye mapendekezo yake, yatageuza Kiswahili chako kuwa maneno mengine.

*F12 inaongeza sauti au haifanyi kitu.* Uko kwenye laptopu. Shikilia Fn pamoja nayo.

*Umeme umekatika na sikuwa nimesevu.* Kompyuta ikiwaka, fungua Word kwanza. Mara nyingi itakuonyesha upande wa kushoto nakala iliyookolewa. Isipoonekana, fungua `Blank document`, nenda `File`, kisha `Info`, kisha `Manage Document`, na uchague `Recover Unsaved Documents`. Ukikuta kitu, bonyeza F12 hapohapo na ukiweke kwenye flashi.

*Nimefunga nikajibu `Don't Save`.* Pitia njia hiyohiyo ya umeme kukatika, huenda nakala ikawepo. Lakini usizime kompyuta na usihamie nyingine, kwa sababu nakala hiyo, kama ipo, iko kwenye hiyohiyo uliyokalia. Nyoosha mkono, nitakuja, na dakika za kuitafuta sikuhesabii.